Kutenganisha wino: mhuri unapovuka seli za jedwali

Kutenganisha wino ni kuichakata picha ya ukurasa uliopigwa skana ili alama za rangi, kama mihuri na saini, zififie huku maandishi meusi yaliyochapwa yakibaki, kabla ya picha kupelekwa kwenye programu ya kutambua maandishi. Haja yake huonekana zaidi kwenye majedwali, kwa kuwa programu hutegemea mistari na nafasi tupu kujua mipaka ya kila seli, na mkia wa saini unaoshuka kupita safu mlalo mbili unaweza kudhaniwa kuwa mstari au kuziunganisha seli zilizo jirani.

Tuchukue safu wima ya kiasi yenye 14,500, 8,200 na 6,300, ambayo jumla yake iliyochapwa ni 29,000. Ukingo wa mhuri mwekundu wa duara umepita mbele tu ya kiasi cha kwanza, na programu imesoma 114,500. Kosa hili ni baya kuliko herufi zilizovurugika, kwa sababu namba iliyopatikana inaonekana halali kabisa. Linalolifichua ni hesabu: viasi vilivyosomwa vinafika 129,000, na tofauti ya 100,000 kamili inaashiria tarakimu iliyozidi mwanzoni.

Wengi hukimbilia kuupaka mhuri rangi nyeupe, lakini hapo tarakimu zilizo chini yake hukatika pia, na 8 ikaweza kusomwa kama 3. Njia bora hutumia ukweli kwamba kila pikseli ina thamani tatu, za nyekundu, kijani na bluu. Wino mweusi una thamani ndogo katika zote tatu. Wino mwekundu una thamani kubwa ya nyekundu, na wa zambarau huwa na kubwa za nyekundu na bluu. Basi tukichukua thamani kubwa kuliko zote katika kila pikseli, mhuri hukaribia weupe wa karatasi, na tarakimu hubaki nyeusi hata pale mhuri ulipoikanyaga:

```python
import cv2
picha = cv2.imread("ukurasa.png")
kijivu = picha.max(axis=2)
cv2.imwrite("safi.png", kijivu)
```

Ukurasa lazima uwe umepigwa skana kwa rangi, na nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi ya kawaida. Ni afadhali kuhifadhi kwa PNG kuliko JPEG, ambayo mara nyingi hupunguza undani wa rangi, hivyo rangi ya mhuri ikamwagikia kwenye kingo za herufi.

Mhuri mweusi hautenganishwi hivi, wala wino wa bluu iliyokoza sana, ambao huwa na thamani ndogo zote tatu. Hatari zaidi ni fomu iliyojazwa kwa kalamu ya bluu, kwani majibu yenyewe yatafifia pamoja na saini. Kwa hiyo picha ya awali isifutwe, na seli iliyokuwa na maandishi kabla ya uchakataji kisha ikatoka tupu isomwe na mtu.