Tyubu ya damu imevunjika ndani ya sentrifuji: maswali na majibu

Nimesikia kitu kikipasuka mashine ikizunguka. Nifungue haraka nisafishe?

Hapana. Zima, usiguse kifuniko kwa dakika 30. Damu iliyopasuliwa kwa kasi ile imegeuka ukungu usioonekana, na ukifungua unauvuta puani. Kama umeshafungua ndipo ukaona vipande, funga tena, toka, na uanze kuhesabu upya. Waambie na wenzako, maana kuna atakayekuja na sampuli zake akafungua bila habari.

Baada ya hapo vaa koti, barakoa, miwani ya kinga na glavu nene juu ya zile za kawaida. Vipande vya kioo viokote kwa kibano, kamwe si kwa vidole, uvitie kwenye sefti boksi. Vile vidogo vinavyong'ang'ania pembeni, vifute kwa pamba iliyoshikwa na kibano. Chungulia pia chini ya kile kimpira cha ndani ya kikombe: chembe moja ya kioo ikibaki hapo, kesho itapasua tyubu nyingine.

Klorini si inaua kila kitu? Niimwage tu humo ndani?

Kwenye sakafu, sawa. Kwenye rota na vikombe vya chuma, klorini hula chuma, na rota iliyoliwa inaweza kupasuka ikiwa kwenye kasi. Humo tumia dawa isiyokula chuma, iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa mashine, kwa muda ulioandikwa kwenye lebo yake. Kisha suuza kwa maji na ukaushe kabisa. Spiriti ya asilimia 70 hukauka upesi mno na huwaka moto, kwa hiyo siitegemei kwa damu iliyomwagika.

Na iliyodondokea sakafuni?

Funika kwa karatasi za kufyonza, halafu mimina klorini ya asilimia 0.5 juu yake, ukianzia ukingoni kuelekea katikati ili damu isitawanyike. Kama chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na 6 vya maji: mililita 100 kwa 600. Ikiwa ni asilimia 5, ni 1 kwa 9. Changanya leo kwa matumizi ya leo, nguvu yake hupungua.

Acha dakika 10, pakiwa pamelowa muda wote. Pakikauka dakika ya 4, ongeza dawa na uanze kuhesabu upya. Kisha zoa karatasi zote uzitupe kwenye taka za maambukizi, na upake dawa mara ya pili. Hiyo ya pili watu wengi huiruka, lakini ndiyo inayofanya kazi hasa, kwa kuwa protini za damu humaliza nguvu ya klorini ya mwanzo.

Kioo kimenichoma je?

Acha usafi. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye jeraha, na utoe taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza faida yake.