Risiti za siku moja mpaka kwenye mizania: dhana potofu na ukweli

Jioni, mauzo yamekwisha. Kitabu cha risiti kimetumika kuanzia namba 0451 hadi 0468, karatasi 18. Kumi na sita ni za mauzo ya taslimu, jumla 340,000. Namba 0459 ni ya mteja aliyekuja kulipa deni la mwezi uliopita, 60,000. Moja imefutwa kwa sababu kiasi kilikosewa; nakala zake zote mbili zimebaki kitabuni, maana namba inayoruka bila maelezo ndiyo ya kwanza kuulizwa na mkaguzi. Pembeni kuna ankara ya 90,000 ya mteja aliyechukua bidhaa kwa mkopo. Chenji ya kuanzia asubuhi ikiondolewa, droo ina 400,000 kamili.

Dhana: Mauzo ya leo ni fedha iliyomo kwenye droo.

Mauzo ya leo ni 430,000, na hakuna mahali ulipoishika 430,000 mkononi. Ni 340,000 ya taslimu pamoja na 90,000 ya mkopo. Ile 60,000 ya risiti 0459 haimo, kwa sababu ilishahesabiwa kuwa mauzo mwezi uliopita, siku bidhaa zilipotoka. Leo mteja amekuja kufuta deni tu.

Risiti inathibitisha jambo moja: fedha imepokelewa. Imepokelewa kwa nini, hilo liko kwenye mstari wa maelezo, ule ambao wengi huuandika kwa haraka au kuuacha wazi. Ukiniuliza ni sehemu gani ya risiti yenye thamani kubwa kwa mtunza vitabu, nitakuonyesha mstari huo kabla ya kiasi chenyewe. Bila maelezo, 0459 inafanana na zile kumi na sita, na itajumlishwa nazo.

Dhana: Kila risiti huandikwa kwenye leja.

Ingekuwa hivyo, akaunti ya mauzo kwenye leja, kitabu kinachotunza akaunti zote, ingejaa kurasa kwa wiki moja. Karatasi huingia kwanza kwenye kitabu cha mwanzo, na kitabu hicho si kimoja kwa kila karatasi.

Taslimu huingia kwenye daftari la fedha, upande wa kushoto. Droo ni moja lakini mistari ni miwili: "Mauzo, 0451–0468 isipokuwa 0459 na iliyofutwa: 340,000" na chini yake "Mdaiwa, deni la mwezi uliopita, 0459: 60,000". Daftari hili ni kitabu cha mwanzo na papo hapo ni akaunti ya fedha ya leja, kwa hiyo debiti yake, yaani upande wa kushoto, imeshakamilika hapo hapo. Kinachobaki ni kupeleka krediti mbili, upande wa kulia: 340,000 kwenye akaunti ya mauzo, 60,000 kwenye akaunti ya mdaiwa.

Ankara ya mkopo huingia kwenye jarida la mauzo. Hapa kuna jambo linalowasumbua wanafunzi wengi. Akaunti ya mteja hudebitiwa 90,000 siku ile ile, ili akija kesho kuuliza anadaiwa kiasi gani, jibu liwepo. Lakini akaunti ya mauzo haiguswi. Inangoja mwisho wa mwezi, jarida lijumlishwe, jumla yote ipelekwe krediti kwa mkupuo. Ukijaribu kulinganisha leja katikati ya mwezi utakuta haikai sawa, na hakuna aliyekosea.

Ile safu nyembamba ya namba ya ukurasa kwenye daftari isipuuzwe. Unaijaza baada ya kupeleka, si kabla. Ikiwa tupu, mstari huo bado haujafika kwenye leja. Ukijaza zote asubuhi ili "kuokoa muda", umejinyima alama pekee ya kujua ulipoishia simu ilipokukatiza.

Dhana: Debiti ni hasara, krediti ni faida, na mauzo ya mkopo ni krediti kwa mteja.

Debiti ni upande wa kushoto, krediti ni upande wa kulia. Fedha ikiongezeka unadebiti, na hiyo si hasara. Mteja aliyechukua kwa mkopo anadebitiwa kwa sababu deni lake ni mali yako.

Dhana: Urari wa majaribio ukilingana, vitabu viko sawa.

Urari wa majaribio hulinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti za leja. Turudi kwa 0459. Tuseme mstari wa maelezo uliachwa wazi na zote 400,000 zikaandikwa mauzo. Fedha imedebitiwa 400,000, mauzo yamekreditiwa 400,000. Urari utalingana mpaka tarakimu ya mwisho, na mtunza vitabu atalala usingizi mzuri. Wakati huo huo mauzo yamezidi kwa 60,000, na mteja aliyelipa bado anaonekana anadaiwa 60,000.

Urari hukamata kosa la upande mmoja: umepeleka debiti ukasahau krediti, au umeandika 430,000 upande mmoja na 340,000 upande wa pili. (Tofauti ikigawanyika kwa 9, kama hii ya 90,000, kwanza tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi.) Kiasi sahihi kilichokwenda kwenye akaunti isiyo yake hakionekani hapo. Hata ukilinganisha akaunti ya jumla ya wadaiwa na orodha ya mdaiwa mmoja mmoja, zitakubaliana, kwa sababu 60,000 haikupelekwa kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Anayelifichua kosa hili kwa kawaida ni mteja mwenyewe, akipokea taarifa ya deni lake na kuja na risiti yake mkononi, amekasirika, na ana haki.

Dawa yake hupita kwenye jarida kuu: debiti mauzo 60,000, krediti mdaiwa 60,000, na maelezo yanayotaja namba 0459. Usifute wala kukwangua mstari wa zamani.

Dhana: Mauzo ya siku yanakwenda kwenye mizania.

Akaunti ya mauzo hufungwa mwisho wa mwaka. Salio lake lote, na 430,000 yetu ikiwa imezama humo, huhamia kwenye akaunti ya biashara, na mwaka mpya huanza na sifuri. Akaunti za fedha na wadaiwa hazifungwi hivyo; salio huvuka mwaka na ndilo linaloonekana kwenye mizania, taarifa ya mali, madeni na mtaji wa biashara.

Tuseme bidhaa zilizotoka siku ile zilinunuliwa kwa 300,000. Faida ghafi ya siku ni 130,000. Kwenye mizania alama zake ni hizi: fedha imepanda 400,000, wadaiwa wamepanda 30,000 (90,000 waliingia, 60,000 walitoka), bidhaa zimeshuka 300,000. Jumla ni ongezeko la 130,000, na upande wa pili mtaji umekua kwa kiasi hicho hicho. Kwa anayehesabu bidhaa mwisho wa mwaka tu, hiyo 300,000 haikuandikwa popote siku ile. Inajitokeza bidhaa za mwisho zinapohesabiwa na kuondolewa kwenye jumla ya bidhaa za mwanzo na manunuzi, kwa hiyo hesabu mbovu ya rafu inaharibu faida hata kama kila risiti iliandikwa vizuri.

Na kama kosa la 0459 lingegunduliwa baada ya mwaka kufungwa? Akaunti ya mauzo ya mwaka ule haina tena salio la kupunguza. Ukidebiti mauzo ya mwaka mpya, unauadhibu mwaka usio na kosa. Kwa biashara ya mtu mmoja, ile faida ya ziada ya 60,000 imeshaingia kwenye mtaji, kwa hiyo marekebisho huifuata huko: debiti mtaji 60,000, krediti mdaiwa 60,000.