Baada ya mshtuko wa moyo: jipime kwenye ngazi kabla ya kurudi kitandani

Mgonjwa aliyepata mshtuko wa moyo huruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi ya dawa na maelekezo ya chakula, lakini suala la tendo la ndoa mara nyingi halitajwi. Daktari anaona haya, mgonjwa anaona haya, na mwenza nyumbani anaogopa kumgusa. Miezi inapita bila mtu kuuliza, ilhali jibu linapatikana kwa kipimo rahisi.

Kwa watu wengi, tendo la ndoa na mwenza waliyezoeana huupa moyo kazi ya kiasi, inayokaribia kutembea kwa haraka au kupanda ngazi za ghorofa mbili. Mapigo ya moyo mara chache huzidi 130 kwa dakika. Kilele chenyewe huchukua sekunde 10 hadi 15, kisha mapigo na presha hushuka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo anayemudu ngazi hizo bila dalili yoyote, kwa kawaida humudu na hili.

Mtu ambaye mshtuko wake haukuleta matatizo mengine, asiye na maumivu ya kifua wala dalili za moyo kushindwa kufanya kazi, anaweza kufikiria kurudi kuanzia wiki moja baadaye. Aliyepasuliwa kifua kupandikizwa mishipa asubiri wiki 6 hadi 8, ili mfupa wa kifua uunge. Hata hapo, mwenza asimlalie kifuani. Mwenye miguu inayovimba, anayeishiwa pumzi akilala chali, au ambaye mapigo yake bado hayajatulia, asijipime mwenyewe. Aanze na daktari wake.

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 54, aliyezibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba kidogo kinachouweka mshipa wazi, kupitia kifundo cha mkono, na sasa ni siku ya 12. Anameza dawa zake zote na daktari amemruhusu kutembea. Atembee kwenye tambarare dakika 20, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, kisha apande vipandio 20 mfululizo bila kusimama. Afike juu akiwa na uwezo wa kuongea sentensi nzima, kifua hakijabana, kichwa hakizunguki. Huyo yuko tayari. Lakini akibanwa kifua kwenye kipandio cha 12 na kupata nafuu akisimama, moyo unaonyesha kwamba damu haiufikii ya kutosha unapopewa kazi. Aahirishe tendo la ndoa na arudi kliniki, huenda akapimwa kwenye mashine ya kukimbilia au dozi zikarekebishwa. Asiye na ngazi karibu atafute kilima.

Kipimo hicho kinahusu mwenza wa siku zote, chumba cha siku zote na mwili uliopumzika. Mchepuko wa siri, baada ya mlo mzito na bia kadhaa, ni mzigo mwingine kabisa, na vifo vichache vinavyotokea wakati wa tendo mara nyingi huwa na sura hiyo. Hatuhubiri, ndivyo uchunguzi wa maiti ulivyoonyesha.

Nguvu za kiume zikipungua, usiache dawa za presha au za moyo kwa siri. Mwambie daktari, kwa sababu kuna dawa zinazoweza kubadilishwa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye sildenafili, ambayo wengi huijua kwa jina la Viagra, na jamaa yake tadalafili. Zote hupanua mishipa. Zikikutana na dawa za naitreti, kama kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapouma, presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Baada ya sildenafili, naitreti isitumike kwa saa 24; baada ya tadalafili, saa 48. Unga wa mitishamba wa kuongeza nguvu nao hauaminiki: maabara katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafili imechanganywa humo bila kuandikwa.

Kuhema kidogo na moyo kwenda mbio kwa dakika chache si tatizo. Simama mara moja ukipata maumivu au kubanwa kifua, taya au mkono, jasho jembamba, kizunguzungu, au pumzi kukatika. Kwa wanawake huweza kuwa kichefuchefu na uchovu wa ajabu tu. Mapigo yakiendelea kwenda mbio baada ya dakika 15, au ukiamka kesho yake umechoka kupita kawaida, mweleze daktari kabla ya kujaribu tena.

Kifua kikiuma, keti. Kama hujameza dawa ya nguvu za kiume wala unga wowote wa nguvu, weka chini ya ulimi kidonge ulichoandikiwa. Maumivu yasipoisha ndani ya dakika 5, nenda hospitali na usiendeshe gari mwenyewe. Kama umemeza dawa ya nguvu au unga huo, usiguse kidonge cha chini ya ulimi. Ondokeni mara moja, na mwenza amwambie mhudumu wa kwanza kumwona ni dawa gani na ilimezwa saa ngapi, kabla hujapewa chochote.