Samaki hanuki, basi ni mzima?

Dhana: Samaki akiharibika utamjua kwa pua, na hata ukikosea, moto utamaliza kila kitu.

Ukweli: Kwa jodari, vibua, fulusi na jamaa zao, pua haitoshi. Minofu yao ina histidini, kijenzi kimoja cha protini, kwa wingi. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumbo huigeuza kuwa histamini, kemikali inayomletea mlaji dalili kama za mzio, na hilo huweza kutokea kabla hajaanza kunuka. Moto huua bakteria, lakini histamini hubaki. Ukikaanga hadi akauke, ukichemsha au ukigandisha, bado ipo.

Tuseme umenunua jodari wa kilo mbili saa moja asubuhi, ukamwacha na matumbo yake ndani ya mfuko wa plastiki hadi saa kumi na mbili jioni. Macho bado yanang'aa kiasi, mchuzi unanukia vizuri. Mlaji wa kwanza anasema samaki anawasha ulimi kama pilipili. Ndani ya saa moja uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwingine anaharisha.

Hapo ndipo watu husema "ana mzio wa samaki". Mara nyingi siyo. Ukiona watu kadhaa wa sinia moja wamewashwa pamoja, na samaki wa aina hiyo wamemla miaka yote bila shida, shuku histamini. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja, na dawa za mzio husaidia. Anayebanwa pumzi au kuvimba koo apelekwe hospitali mara moja, bila kubishana ni kipi kati ya viwili.

Dhana: Gunia bichi linatosha badala ya barafu.

Ukweli: Gunia bichi penye kivuli na upepo hupunguza joto kidogo tu, na hewa ikiwa na unyevu mwingi halifanyi kitu. Histamini hudhibitiwa kwa nyuzi 4 hivi, na gunia halifiki huko. Linakufaa kwa safari ya kutoka sokoni. Kumtia samaki kwenye ndoo ya maji ndiyo mbaya zaidi, maji yakipata joto unakuwa umemlowesha bure.

Kama barafu hakuna, jodari yule afanyiwe kazi asubuhi ileile. Toa matamvua na matumbo, osha tumbo hadi damu iishe kwenye uti, kisha kata vipande visivyozidi unene wa sentimita mbili. Paka chumvi kavu, sehemu moja kwa tatu za samaki, kote hadi kwenye mikunjo. Vipange kwenye chombo chenye matundu ili maji yachuruzike, funika nzi wasifike. Kipande kinene ndicho kinachokuponza: chumvi huchelewa kufika katikati, na huko bakteria wanaendelea. Jioni loweka, badilisha maji mara mbili tatu, ndipo upike.

Ila kama aliuzwa akiwa ameshinda juani, chumvi haitaondoa histamini iliyokwisha kuingia.