Ganzi ya midomo na vidole ukipaniki: hewa haijaisha, umepumua kupita kiasi

Nianze na binti mmoja aliyeletwa zamu yangu ya usiku, miaka 22 hivi, kashikiliwa huku na mama yake mdogo, huku na kijana wa bodaboda. Alipigiwa simu jioni kwamba kazini hawamtaki tena, akaanza kuhema na hakuacha. Anasema midomo haisikii, kama imechomwa sindano ya kung'olea jino, na vidole vya mikono yote miwili vimekaza, gumba limeingia kiganjani, vile vinne vimenyooka na kubanana, kifundo kimepinda. Mama mdogo analia, "Sista, mwanangu anapata stroku, muwekeeni oksijeni jamani!" Nikambana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikasoma 99. Nikahesabu pumzi zake dakika nzima, 32, wakati mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 12 mpaka 20.

Dhana: oksijeni imemwishia

Hii ndo dhana mama yao zote, nyingine zinazaliwa hapa. Ile 99 maana yake damu imeshajaa oksijeni, hata ukimfungulia mtungi mzima hakuna pa kuiweka. Kilichopungua ni ile tuliyofundishwa shule kwamba ni hewa chafu, kabonidaioksidi, na kumbe mwili unaihitaji ibaki kwa kiwango chake.

Iko hivi. Mwili uliotulia unatengeneza kabonidaioksidi kama mililita 200 kila dakika, na mapafu yanaitoa kwa kasi ileile, kwahiyo kwenye damu inabaki na mgandamizo wa kama 40, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Sasa mtu kapaniki kakaa kwenye kiti, hakimbii, misuli haifanyi kazi kubwa ya kutengeneza hewa hiyo, lakini anahema kama anayekimbia. Hewa inayofika ndani ya mapafu ikiwa mara mbili ya mahitaji, ndani ya dakika chache ile 40 inaelekea 20. Na kabonidaioksidi ikiwa kwenye damu ndo inatengeneza asidi, ukiitoa sana asidi inapungua, na pH ya damu, kipimo kinachopanda asidi ikishuka, inatoka 7.40 mpaka kwenye 7.55 hivi. Ukiiangalia ni namba ndogo, ila mwili unapenda kukaa kati ya 7.35 na 7.45, kwahiyo hapo umeshatoka nje ya mstari.

Na kwanini anahisi kukosa hewa wakati anayo? Kabonidaioksidi ikishuka mishipa ya damu ya kwenye ubongo inasinyaa, damu inayofika kule inapungua, halafu chembe nyekundu nazo zinaishikilia oksijeni kwa nguvu zaidi badala ya kuiachia. Ndo kizunguzungu, macho kuona ukungu, na ile hisia ya "nakata roho". Anaogopa, anahema zaidi, inazidi kushuka.

Dhana: kalsiamu imepungua mwilini, apewe vidonge au dripu

Hapa kuna ukweli nusu na ndo maana inawachanganya watu, hata sisi wenyewe wa wodini. Ganzi na kukakamaa vinatokana kweli na kalsiamu, ila hakuna iliyopotea. Fikiria daladala. Kwenye damu kuna protini inaitwa albumini, ina siti zake, na siti hizo wanagombania asidi na kalsiamu. Asidi ikipungua kwenye damu, ile iliyokaa kwenye albumini inashuka, na kalsiamu iliyokuwa inaelea huru inapanda kukaa. Ukipima kalsiamu yote kwa ujumla utakuta iko sawa kabisa, lakini ile huru, inayofanya kazi, imepungua.

Kalsiamu huru ndo inayotuliza milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu. Ikipungua milango inafunguka kirahisi, mishipa inaanza kupiga yenyewe bila kuguswa. Midomo na ncha za vidole zina mishipa ya hisia mingi mno kuliko mgongo au paja, kwahiyo sisimizi wanaanza kutembea huko. Ikizidi, mishipa inayoendesha misuli nayo inaingia, ndo vidole vinakaza vile. Nilipomfunga mkanda wa presha na kuujaza upepo mkono ukazidi kukaza, mama mdogo akapiga kelele. Hiyo ni dalili inayojulikana, ina jina la daktari Mfaransa, Trousseau, aliyeielezea karne ya 19. Anayesema binti anadeka aangalie mkono ule, ile ni kemia inafanya kazi.

Pumzi ikirudi kawaida kalsiamu inashuka kwenye siti yenyewe, kidonge hakina cha kufanya hapo.

Dhana: mwambie avute pumzi ndefu

Ndugu wote wanasema hivi kwa mapenzi tu, "vuta hewa mwanangu, vuta ndefu, vutaaa", na kila akivuta ndefu anatoa nyingi, tunazidi kumzamisha. Anachotakiwa ni pumzi NDOGO na za POLEPOLE. Nilikaa mbele yake, nikamwambia afunge mdomo apumue kwa pua, anavuta kidogo mimi nahesabu mpaka 4, anatoa taratibu nahesabu mpaka 6. Mwanzoni alishindwa, akasema atakufa, nikamwambia anza na 2 kwa 3, akaweza, tukapanda taratibu. Kama dakika 8 akasema midomo imerudi. Vidole vilichelewa, karibu robo saa, gumba likaachia mwisho.

Dhana: apumulie kwenye mfuko wa kaki

Wazo lake lina mantiki, arudishe kabonidaioksidi yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba anarudisha pia hewa iliyochoka oksijeni, na kama kumbe ni pumu, moyo au damu iliyoganda kwenye mapafu, unamnyima kitu anachokihitaji sana. Watu wameshakufa kwa kosa hilo. Kuhesabu pumzi kunatosha, mfuko achaneni nao, na wa rambo ndo kabisa usimsogezee mtu usoni.

Dhana: ni stroku. Au kinyume chake, "hiyo ni paniki tu"

Ganzi ya kuhema sana mara nyingi inakuja pande zote mbili, inapanda polepole pamoja na pumzi na kushuka nayo. Stroku kwa kawaida inapiga ghafla upande mmoja, mdomo unapinda, mkono mmoja unaanguka, maneno yanakorogeka. Ila ganzi ya paniki nayo inaweza kuelemea upande mmoja, kwahiyo ukiona udhaifu wa mkono au maneno hayatoki, usikae kuhesabu pumzi, kimbia hospitali.

Na usiseme mtu ana paniki kabla hujamwangalia. Binti yule nilimpima sukari kwanza, kwasababu mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi naye anahema haraka na kwa kina, na yeye kuhema ndo kunamwokoa, ukimpunguzia pumzi unamuua. Sukari yake ilikuwa 5.4, ya kawaida. Nikasikiliza kifua, hakuna mluzi wa pumu. Homa hakuna, mguu uliovimba hakuna, maumivu ya kifua hakuna, kifaa bado 99. Ingesoma chini ya 94, au angekuwa na kimojawapo cha hivyo, au ndo mara yake ya kwanza kabisa na yuko nyumbani hakuna wa kumpima, basi ni kwenda kuonwa na daktari.

Aliondoka saa nane usiku anatembea mwenyewe, anakunja na kukunjua vidole njia nzima mpaka getini.