Barua ya kumuuliza mhadhiri: msaada upi unaruhusiwa kwenye zoezi la maabara lenye alama

Mimi hufundisha maabara ya fizikia na kusahihisha ripoti zake. Wanafunzi wengi huniandikia wakiuliza: "Je, tunaruhusiwa kusaidiana?" Swali hilo siwezi kulijibu vizuri. Nikisema ndiyo, yupo atakayedhani ameruhusiwa kunakili grafu ya jirani. Nikisema hapana, wawili waliopangwa meza moja wataogopa hata kutumia vipimo walivyochukua pamoja.

Barua inayojibika hutaja kitendo chenyewe na hatua ya kazi kinapoingia. Chukua zoezi la pendulamu. Mnapima urefu L na muda T wa bembeo moja, kwenda na kurudi. Mnachora grafu ya T² dhidi ya L, na kwa kuwa mteremko wake ni 4π²/g, mnapata g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Vipimo vinachukuliwa na watu wawili, lakini kila mmoja anaandika ripoti yake. Mwanafunzi anaweza kuandika hivi:

> Shikamoo Mwalimu. Niko kundi la Jumanne, zoezi la pendulamu. Mwongozo unasema tupime wawili wawili na kila mtu aandike ripoti yake. Kabla sijaanza kukokotoa, naomba kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, mimi na mwenzangu tunaweza kuweka jedwali lilelile la vipimo kwenye ripoti zetu? Pili, mwanafunzi wa mwaka wa juu amenipa lahajedwali inayochora grafu na kutoa g ukishaingiza vipimo. Sijaitumia. Je, inaruhusiwa? Tatu, naweza kumpa rafiki rasimu anirekebishie lugha tu? Nikisubiri jibu lako, sehemu hizo nitazifanya mwenyewe. Asante, Mwalimu.

Swali la kwanza nalijibu ndiyo bila kusita. Vipimo ni vya wote wawili, na jedwali likitofautiana ndipo ninaposhtuka. La tatu pia ndiyo, ilimradi rafiki arekebishe tahajia na sentensi, asiguse maelezo ya kwa nini matokeo yametoka yalivyotoka.

La pili ndilo lenye uzito, na namshukuru mwanafunzi aliyelitaja waziwazi badala ya kulificha ndani ya neno "msaada". Lahajedwali inaonekana kama kikokotoo tu. Lakini aliyeitengeneza alishafanya uamuzi ndani yake, na mara nyingi uamuzi huo ndio ninaoutolea alama.

Tuseme wanafunzi wamepima L kutoka pale uzi ulipofungwa hadi juu ya tufe, badala ya hadi katikati yake, na nusu kipenyo cha tufe ni sentimita 1. Kila urefu umepungua kwa mita 0.01. Ukichora mstari bila kuulazimisha upite kwenye sifuri, mteremko haubadiliki, g inatoka karibu na 9.81, ila mstari unakata mhimili wa T² kwenye 0.04 hivi badala ya sifuri. Hiyo 0.04 ndiyo inayomwambia mwanafunzi makini kwamba urefu ulipimwa vibaya. Sasa, kama lahajedwali aliyopewa imewekwa ili mstari upite kwenye sifuri, dalili hiyo inapotea. Kwa urefu wa mita 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0, g inashuka hadi karibu 9.68. Mwanafunzi anaona jibu limepungua, anaandika "upinzani wa hewa", na hana njia ya kugundua kosa lilipo.

Kwa hiyo jibu langu huwa hivi: tumia lahajedwali tupu, andika fomula mwenyewe, na amua mwenyewe kama mstari upite kwenye sifuri, ukieleza sababu. Kumuuliza mtu wa mwaka wa juu namna ya kuchora mstari kwenye programu ni sawa. Kupokea faili lililokwisha kuamua si sawa. Mhadhiri mwingine anaweza kuruhusu faili hilo, hasa kama zoezi lake linapima usahihi wa kuchukua vipimo tu, na ndiyo maana ni lazima aulizwe yeye na si mwanafunzi wa kundi jingine.

Barua itumwe kabla kazi haijafanyika. Nikiulizwa kuhusu lahajedwali ambayo tayari imetoa g, sina tena cha kuruhusu, ninabaki kuamua adhabu. Na ijibiwe kwa maandishi, kwa sababu jibu la mdomo mlangoni mwa maabara kila mtu hulikumbuka kwa namna yake.

Jibu likichelewa hadi siku ya kukusanya, shika tafsiri iliyo kali zaidi na utaje msaada wowote ulioupata chini ya ripoti: "Vipimo nimechukua na mwenzangu wa meza. Rafiki amepitia lugha. Grafu, mteremko na maelezo ya makosa ni kazi yangu." Nikiikuta sentensi kama hiyo, najua nimuulize mwandishi maswali juu ya sehemu ipi.