Shukrani kwa mhakiki na mhariri: yanayodhaniwa na yalivyo

Kuna sentensi moja inayohama kutoka ripoti hadi ripoti bila kubadilika: "Tunawashukuru wahakiki kwa maoni yao yenye thamani." Sarufi yake ni safi. Tatizo ni kwamba ungeweza kuikata na kuibandika kwenye ripoti nyingine yoyote. Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa kubuni: ripoti ya utafiti wa maji ya kunywa, ambapo watafiti walitembelea kaya 412 na kaya 368 zikakubali kujibu maswali.

Dhana: Ukitaja kilichorekebishwa, unajianika kwamba ulikosea.

Katika rasimu ya kwanza, Jedwali la 2 lilisema asilimia 41 ya kaya huchemsha maji kabla ya kunywa. Mhakiki akauliza swali fupi: asilimia ya kaya zipi? Kaya zilizosema zinachemsha zilikuwa 169, na waandishi walikuwa wamezigawa kwa 412, yaani kaya zote zilizotembelewa, pamoja na 44 ambazo hazikujibu lolote. Ukigawa kwa 368 zilizojibu, unapata asilimia 46. Tofauti ya pointi tano ni kubwa, hasa kama kuna mtu atakayeitumia kupanga bajeti ya dawa ya kutibu maji.

Sasa soma shukrani hii: "Tunamshukuru mhakiki aliyebaini kwamba asilimia za Jedwali la 2 zilikokotolewa kwa kaya zote zilizotembelewa (412) badala ya kaya zilizojibu (368). Baada ya marekebisho, kiwango cha kaya zinazochemsha maji kimetoka asilimia 41 hadi 46." Imetaja mahali, kosa, na namba mbili, ya kabla na ya baada. Rasimu za ripoti huzunguka kwa barua pepe, na mtu aliyebaki na ile ya zamani ataelewa kwa nini namba yake haifanani na iliyochapishwa. Pasipo sentensi hiyo atadhani moja kati ya hizo mbili imechezewa. Kosa lililosahihishwa kabla ya kuchapishwa halimwaibishi mtu, kwa kuwa kazi ya uhakiki ni hiyo hiyo.

Si kila badiliko linastahili sentensi yake. Kipimo chepesi: je, lilibadilisha namba, hitimisho, au maana ya neno ambalo msomaji atalitegemea? Koma na nafasi kati ya maneno hazihitaji kutajwa moja moja.

Dhana: Mhariri wa lugha hupewa shukrani ya jumla, maana kazi yake ni herufi tu.

Rasimu ileile ilisema eneo lina "ukosefu wa maji". Mhariri akasoma ukurasa wa pili, akakuta bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki, akaandika pembeni: "Hapa ni upungufu." Kukosa ni kutopata kabisa, na kupungukiwa ni kupata kisichotosha. Kijiji chenye ukosefu kinahitaji chanzo kipya cha maji, ilhali chenye upungufu huenda kinahitaji tangi la kuhifadhia tu. Neno moja lingeweza kuelekeza fedha kusikofaa. Mhariri huyo anastahili kuandikiwa hivi: "aliyetofautisha ukosefu na upungufu wa maji katika ripoti nzima". "Aliyepitia lugha" haitoshi.

Dhana: Jina la mtu mkubwa kwenye shukrani huipa kazi uzito, na kushukuru hakuhitaji ruhusa.

Hapa ndipo watu wengi huteleza kwa nia njema. Msomaji akikuta jina la mtaalamu wa takwimu kwenye shukrani, hudhani mtaalamu huyo ameyakubali matokeo. Kwa sababu hiyo Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba (ICMJE) inashauri kuwa wanaotajwa kwenye shukrani watoe ruhusa ya maandishi. Usiombe ruhusa kwa swali la jumla la "naweza kukutaja?" Mpelekee sentensi yenyewe kama itakavyochapishwa, kwani mara nyingi ataipunguza: "Mimi niliangalia Jedwali la 2 na la 3 tu, takwimu ghafi sikuziona." Mpaka huo uandikwe. Bila huo, hata ile kanuni ya mwisho tuliyoizoea, "makosa yote yaliyobaki ni yetu", haimwondolei lawama, maana imeshaonekana kana kwamba alikagua kila kitu. Akikataa kutajwa, andika mchango bila jina.

Mhakiki asiyejulikana jina abaki hivyo hivyo. Hata kama umemtambua kwa mtindo wake wa kuandika, usimtaje. Jarida lilimwahidi usiri. Na pale ambapo uhakiki unaficha majina ya pande zote mbili, ondoa ukurasa wa shukrani kwenye faili linalokwenda kwa wahakiki, kwa kuwa jina la msimamizi wako au mfadhili linatosha kukutambulisha. Utaurudisha makala ikishakubaliwa.

Na je, aliyesaidia sana aingizwe kuwa mwandishi mwenza? Kwa vigezo vya ICMJE, kuhariri lugha au kusoma prufu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Mahali pake ni kwenye shukrani.

Dhana: Kushukuru ni kukubali kila kitu.

Barua ya majibu kwa wahakiki ni tofauti na ukurasa wa shukrani. Husomwa na mhariri na wahakiki, na wanachotafuta humo ni kilichofanyika. Shukuru mara moja mwanzoni, kisha chini ya kila hoja weka badiliko na mstari lilipo. "Asante kwa hoja hii nzuri" ikirudiwa mara ishirini huwa kelele, na mara nyingine huwa pazia la kuficha kwamba hakuna kilichobadilika. Ukikataa hoja, sema hivyo wazi: "Mhakiki alipendekeza tulinganishe msimu wa mvua na wa kiangazi. Hatukufanya hivyo kwa sababu takwimu zilikusanywa katika msimu mmoja tu. Tumeongeza sentensi kuhusu mpaka huo." Hoja hiyo bado inaweza kushukuriwa, kwa sababu imezaa sentensi mpya.

Angalia namba za mistari. Zinatakiwa ziwe za rasimu mpya, na mtu akishaongeza aya moja juu, zote za chini husogea. Ziandike mwisho kabisa. Kwenye shukrani zitakazochapishwa usitumie namba za mistari wala za kurasa, maana mpangilio wa chapa utazivuruga. Taja jedwali au sehemu.

Dhana: Nitakumbuka nani alirekebisha nini.

Hutakumbuka. Ukishakubali mabadiliko yote kwenye Word na kufuta maoni ya pembeni, majina ya walioyapendekeza hupotea pamoja nayo. Hifadhi nakala yenye maoni kabla ya kubonyeza chochote, na uipe jina lenye tarehe. Kama umechelewa lakini una rasimu ya zamani, nenda Review, kisha Compare, uweke faili la zamani na jipya. Utaona kila neno lililobadilika, ila hutaona nani alikushauri. Hilo utalitafuta kwenye barua pepe na ripoti za wahakiki.

Prufu zikija, rudi kwenye ukurasa wa shukrani kabla ya kuzirudisha. Jedwali la 2 linaweza kuwa limegeuka la 3, na mhakiki wako akajikuta anashukuriwa kwa jedwali ambalo hakuligusa.